Majipu ya kwapani na kinenani yanayorudi pale pale: mdogo wangu, hayo sio majipu

*Dokta shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27, majipu yalinianza nikiwa na miaka 20 kwapa la kulia, saa hizi ni kwapa zote mbili na kinenani. Nimepasuliwa mara 9 ukijumlisha zote, kila mara napewa antibayotiki za siku 7, linakauka, mwezi haujaisha linarudi pale pale au pembeni yake. Kwapa la kulia limebaki na kovu kama kamba na nikibonyeza huku usaha unatokea kule. Mara nyingi yanaanza siku 4 hivi kabla ya hedhi. Kaka yangu alitoka jipu kisogoni mwaka jana akapasuliwa mara moja tu likaisha, ndo maana mama anasema mimi sijisafishi vizuri na nina damu chafu, wakati naoga mara 3 kwa siku na kusugua na dodoki mpaka panauma. Nimepima ukimwi na sukari, niko sawa. Sivuti sigara, natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Nina mchumba naogopa hata kuinua mkono mbele yake, je naweza kumuambukiza? Na kwanini kaka alipona mara moja mimi siponi?*

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote hilo dodoki liweke pembeni leo leo, kwapani na kinenani lisipite tena, sababu utaiona mbele. Na mchumba wako humuambukizi, sio kwa kugusana, sio kwa taulo wala kwa tendo la ndoa, maana unachoumwa sio ugonjwa wa kuambukiza kabisa.

Kwa hayo uliyoniandikia, ugonjwa wako kwa karibu uhakika wote ni hidradenaitisi saparativa. Nasema karibu kwasababu sijakuona kwa macho, ila dalili zinazotumika kuutambua ni 3 tu na we unazo zote: uvimbe wa aina yake (yani vinundu vya ndani vinavyouma, usaha, mahandaki na makovu), mahali pake maalum (kwapa, kinena, matako, chini ya matiti), na tabia ya kurudi, angalau mara 2 ndani ya miezi 6. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha na wala huhitaji kukatwa kinyama kikapimwe, daktari anaangalia, anabonyeza, anakuuliza historia, basi. Ndo maana inaumiza kuona mtu amepitiwa na kisu mara 9 na hakuna aliyemuuliza "hii ni mara ya ngapi?" Na hauko peke yako, wengi wanazunguka miaka 7 mpaka 10 kabla ya kuambiwa jina.

Sasa swali lako la kaka, hilo ndo lenye ufunguo wa kila kitu.

Jipu la kaka yako lilikuwa jipu kweli. Jipu la kawaida linaletwa na bakteria, mara nyingi stafilokokasi, anayeingia kwenye kishimo kimoja cha unywele toka nje, labda pamechubuka au kiwembe kimepita, anazaliana, mwili unapigana nae, usaha unajikusanya, linaiva, linatoa kichwa, linapasuka au linapasuliwa, usaha ukitoka bakteria wametoka nao, na ndani ya wiki 1 mpaka 2 pamefunga. Linaweza kutokea popote penye nywele, kisogoni, usoni, pajani, mgongoni, na likipona limepona, chini ya ngozi hakuna kilichobaki cha kulirudisha. Kisu kwa jipu la hivo ni tiba kamili, kaka yako alitibiwa sawasawa.

Lako linaanzia ndani sio nje. Kile kishimo cha unywele kinaziba juu, seli za ngozi zinazozunguka mdomo wake zinakuwa nyingi kuliko kawaida na badala ya kupukutika zinajibana kama kizibo. Chini ya kizibo uchafu wa kawaida wa kishimo unaendelea kutengenezwa, kishimo kinavimba kama puto, alafu kinapasukia ndani kwa ndani. Vile vilivyokuwa ndani yake, vipande vya unywele, mafuta, keratini (ndo ile protini inayojenga kucha na nywele), vyote vinamwagika kwenye nyama ambako havitakiwi kuwepo, na kinga ya mwili inavishambulia kama adui. Hapo ndo moto unawaka, unavimba, unauma mpaka mkono haushuki vizuri, unatoa usaha. Bakteria wanakuja baadae kujinufaisha, sio wao walioanzisha ugomvi. Mara nyingi usaha wa ugonjwa huu ukipelekwa maabara kuoteshwa wanaota bakteria wa kawaida wa ngozi au haoti hata mmoja, mgonjwa anaambiwa huna kitu, anarudi nyumbani na maumivu yake.

Kwahiyo damu yako sio chafu. Usafi nao hauhusiki, hata ungeoga mara 10. Kinachotokea kwa dodoki ni kwamba unasugua ngozi ambayo vishimo vyake ni dhaifu tayari, na msuguano ni moja ya vitu vinavyovipasua, yani ile juhudi ya kujisafisha ndo inachokoza.

Kidogo kuhusu jina maana utalisoma mahali na kuchanganyikiwa. Daktari mmoja Mfaransa anaitwa Velpeau aliandika kuhusu huu ugonjwa mwaka 1839, baadae mwaka 1854 Mfaransa mwenzake Verneuil akaona uko sehemu zenye tezi za jasho akazishtaki tezi za jasho, na jina likatungwa kwa maana ya uvimbe wa tezi za jasho. Alikosea, shida iko kwenye kishimo cha unywele na tezi zinaungua tu kwa vile ni majirani, ila jina limeshakaa halitoki. Nakwambia ili ukikutana na mtu anakuambia acha deodoranti utapona ujue anatembea na nadharia ya 1854. Kama deodoranti inakuwasha iache, kama haikuwashi haijakuletea huu ugonjwa.

Turudi kwapani. Ile "nikibonyeza huku usaha unatokea kule" ndo sentensi iliyonifanya nisiwe na wasiwasi mkubwa na jibu langu, kwasababu jipu la kawaida halifanyi hivo. Kishimo kikishapasukia ndani, vipande vya ngozi yake vinabaki vimetawanyika kwenye nyama, na ngozi kazi yake ni kufunika, kwahiyo inajaribu kufunika hata kule chini: inatambaa, inajenga kuta, inaungana na kishimo jirani kilichopasuka nacho, na mwisho unakuwa na handaki chini ya ngozi, lenye ukuta wake kabisa, lenye mdomo huku na mdomo kule. Ndani mle usaha hauishi, na nywele zinajikunja mle mle. Lile kovu la kama kamba unaloligusa ni nyama ngumu iliyojengeka kulizunguka handaki.

Ukiielewa hiyo utaelewa kwanini visu 9 havikusaidia. Kila ukipasuliwa wanatoboa paa la handaki, usaha unatoka, presha inashuka, unapata nafuu usiku huo huo unalala, na hiyo nafuu ni ya kweli siikatai, ila ukuta wa handaki umebaki palepale, kidonda kinafunga juu, ndani panajaa tena. Kupasua na kukamua kwa ugonjwa huu karibu kila mara unarudi. Siku ambayo uvimbe umejaa, unaruka kwa maumivu na hulali, kupasua ni sawa kama huduma ya dharura, lakini aliyekupasua alitakiwa akuambie hii ni ya kupunguza maumivu tu, tiba inafuata. Antibayotiki za siku 7 nazo ni hadithi hiyo hiyo, zinatuliza kidogo zinakatishwa kabla hazijafanya la maana.

Kwa macho yako mwenyewe fanya jambo moja ukiwa na kioo na mwanga mzuri: tafuta vidoti vyeusi kama chunusi nyeusi za puani, ila hivi vinakaa viwili viwili pamoja, kama matundu ya kifungo. Ukiviona kwapani au kinenani, hivo ni vishimo vilivyokwisha kuharibika vikaungana chini kwa chini, na jipu la kawaida haliachi alama ya namna hiyo. Usivikamue tafadhali.

Kuna vitu vingine vinavyofanana na hii ambavyo daktari akikuona lazima aviweke akilini. Mtoki ni tezi iliyovimba kinenani, mara nyingi kwasababu ya kidonda mguuni au ugonjwa wa zinaa, uko ndani zaidi, ngozi ya juu inakuwa nzima mwanzoni na kwapa zako zote mbili zisingehusika nao kwa miaka 7. Kifua kikuu cha tezi nacho kinaweza kutoboka kwapani na kutiririsha, ila kinaanza na uvimbe usiouma sana, unakua polepole kwa wiki nyingi, mara nyingi na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Ukiwa na vidonda na matundu yanayotoa usaha sehemu ya haja kubwa pamoja na kuharisha kwa muda mrefu sema, maana kuna ugonjwa wa utumbo unaoitwa Kroni unafanana na huu na wakati mwingine unatembea nao. Kupima ukimwi na sukari ulifanya vizuri.

Madaktari wanaugawa ugonjwa huu hatua 3, mgawanyo wa daktari anaitwa Hurley wa mwaka 1989. Hatua ya 1 ni uvimbe unakuja na kuondoka bila handaki wala kovu. Hatua ya 2 una mahandaki na makovu lakini kuna ngozi nzima katikati yake. Hatua ya 3 kwapa zima au kinena kizima kimeungana, hakuna pa kuweka kidole pakawa pazima. Kwa maelezo yako kwapa la kulia liko hatua ya 2, kwengine huenda ni 1, na hiyo tofauti ni muhimu kwasababu matibabu yanafuata hapo. Sehemu isiyo na handaki dawa inaweza kuituliza kabisa, ila handaki lililokwisha jengeka dawa hazilifuti, zinalituliza tu.

Sasa nikiwa ndo mimi nimekupokea ningeenda hivi. Daktari unayemtaka ni wa ngozi, sio tena foleni ya kupasuliwa. Kwa vinundu vya juu juu kuna losheni ya klindamaisini ya asilimia 1, unapaka mara 2 kwa siku kwa wiki 12, sio siku ile tu inauma. Kwa kuwa wewe una sehemu nyingi ningeongeza doksisaiklini miligramu 100 mara 1 au 2 kwa siku, nayo wiki 12. Utashangaa mbona ndefu hivo. Ni kwasababu hapa hatuui bakteria tu, dawa hii inatuliza hasira ya kinga ya mwili na kazi hiyo inataka muda. Inywe na maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, usiimeze alafu ukalala maana inachoma koo la chakula, na ukihisi una mimba iache umwone daktari.

Doksi isipotosha kuna mchanganyiko wa klindamaisini na rifampisini, miligramu 300 kila moja mara 2 kwa siku, wiki 10 mpaka 12. Hapa nakuomba unisikilize vizuri kwasababu umesema unatumia vidonge vya uzazi wa mpango: rifampisini inavimaliza nguvu vile vidonge, unavimeza kila siku na mimba unapata. Mwambie daktari kabla hajaandika ili mpange njia nyingine, na hiyo njia nyingine iendelee mpaka wiki 4 baada ya dozi kuisha. Rifampisini hiyo hiyo ni dawa ya kifua kikuu, kwahiyo lazima wahakikishe kwanza huna kifua kikuu kilichojificha, ukipewa nusu nusu unakitengenezea usugu. Mkojo na jasho vitakuwa rangi ya chungwa, usishtuke. Klindamaisini ikikuharisha sana acha, urudi.

Kwa siku ile kinundu kimoja kimekukamata na kesho una safari, kuna sindano ya triamsinoloni inayochomwa ndani ya kinundu chenyewe, kiasi kidogo sana, maumivu yanashuka ndani ya siku chache. Kwa mtu kama wewe ambaye yanamuanza siku 4 kabla ya hedhi kuna pia spironolaktoni, dawa ya presha ambayo inapunguza nguvu ya homoni za kiume mwilini (wanawake nao wanazo), na ule ufuatiliaji wa tarehe zako ni ushahidi mzuri, uandike kwenye simu miezi 3 uende nao.

Lile handaki la kulia sasa. Hilo linataka kufunuliwa paa, na usiliogope neno. Unachomwa ganzi ya hapo hapo, daktari anaingiza kijiti chembamba cha chuma kwenye mdomo wa handaki, anafuata kinakoelekea mpaka kitokee upande wa pili, alafu anaondoa paa lote la juu ya kijiti, anakwangua sakafu, anaangalia kama kuna tawi lingine analifuata nalo. Halishonwi. Linaachwa wazi lipone toka chini kuja juu kwa wiki kadhaa, unabadilisha gozi kila siku, na kovu linalobaki ni bapa, laini, halitoi usaha. Tofauti na ule upasuaji wa mara 9 ni kwamba hapa handaki lenyewe limeondoka. Ila nisikudanganye, linaondoka pale tu, ugonjwa unaweza kutokea kwapa la kushoto kesho yake, ndo maana dawa na upasuaji vinaenda pamoja. Ukiambiwa unafunuliwa uliza "utafuata handaki lote au utatoboa usaha tu?" jibu litakuonyesha kama mnaongea kitu kimoja.

Huko mbele kabisa, dawa zote hizi zikishindwa, kuna sindano za adalimumabu ambazo zinaziba kemikali moja ya kinga inayochochea uvimbe, zinatumika kwa ugonjwa huu toka 2015, nazo lazima upimwe kifua kikuu kabla. Zina gharama na wewe hujafika huko.

Nyumbani: osha kwa mkono, sabuni isiyo kali, unaweza kutumia sabuni ya dawa yenye kloroheksidini mara chache kwa wiki, suuza vizuri, kausha kwa kugusa gusa. Kiwembe pumzisha sehemu hizo, ukitaka kupunguza nywele tumia mkasi au mashine bila kufika kwenye ngozi. Nguo ya ndani yenye lastiki inayokata kinenani badilisha. Kikianza kuvimba kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 10 kinasaidia maumivu. Sigara huvuti, umeshinda nusu ya vita ambayo wengi wanashindwa, ingekuwa unavuta ningeanza nayo. Uzito hukuutaja na sikuhukumu, kama uko juu ya unaotakiwa kupunguza hata kidogo kunapunguza msuguano na uvimbe, kama uko sawa ruka hapa, wapo wembamba kabisa wenye ugonjwa huu.

Kwa mchumba unaweza kumwambia ni ugonjwa wa vishimo vya nywele, hauambukizi, una mahali pake na majira yake, na siku kikiwa kimewaka unaumia ukiguswa hapo. Wagonjwa wengi wananiambia kilichowachosha ni kujificha kuliko usaha wenyewe, na huzuni inayokuja na ugonjwa huu ni ya kweli, daktari akikuuliza usingizi na moyo wako vikoje mjibu ukweli.

Usisubiri miadi ya ngozi kama una homa na kutetemeka, wekundu unasambaa kwa kasi nje ya uvimbe, au mkono umevimba wote, siku hiyo nenda dharura. Na kama kuna kidonda cha zamani, hasa matakoni au karibu na haja kubwa, ambacho kimeanza kuota nyama, kinatoa damu kirahisi au kinakua wakati mengine yametulia, omba kikatwe kipande kipimwe, kwasababu kwa waliokaa na ugonjwa miaka mingi saratani ya ngozi inaweza kuota mle ndani. Kwa kwapa zako za sasa hiyo sio hofu yangu.

Ukifika kwa daktari usiseme "nina jipu". Sema "nina uvimbe unaorudi kwapa zote na kinenani miaka 7, nimepasuliwa mara 9, nina handaki linalotoa usaha", alafu inua mkono umuonyeshe.